Goti Linalorudi Nyuma: Kwa Nini Si Kila Ligamenti Iliyokatika Huhitaji Upasuaji

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Mbeya hupita Makambako, na hapo hukutana na barabara itokayo Njombe na Songea. Kutoka katika makutano hayo hadi kata za jirani, Mahongole ikiwa mojawapo, abiria na magunia ya viazi husafiri kwa bodaboda. Anayemtazama mwendesha bodaboda kwa jicho la tabibu huona jambo moja: goti lake limekunjwa kwa karibu nyuzi 90 safari nzima, na sehemu ya juu ya muundi, mfupa ulio mbele ya mguu chini ya goti, imetangulia mbele. Pikipiki ikigonga gari lililosimama ghafla, muundi huo hupokea pigo kabla ya sehemu nyingi za mwili.

Vitabu vya mifupa hulieleza jeraha hili kwa mfano wa abiria wa gari dogo ambaye muundi wake hugonga dashibodi. Kwa wengi wa Mahongole mfano ulio karibu zaidi ni wa pikipiki, ingawa kanuni ni ile ile: goti likiwa limekunjwa, muundi unasukumwa kwa nguvu kurudi nyuma, na ligamenti mtambuka ya nyuma, ambayo kazi yake kuu ni kuuzuia usirudi huko, inavutwa hadi inalegea au kukatika. Baada ya ajali ya namna hii familia huuliza swali moja: je, kijana afanyiwe upasuaji? Makala haya yanashikilia kwamba, pale ligamenti hiyo inapoumia peke yake, jibu kwa wagonjwa wengi ni hapana. Kwamba uamuzi huo huanzia katika mikono ya mpimaji kabla ya mashine yoyote. Na kwamba kutopasuliwa si sawa na kutotibiwa.

Jinsi jeraha linavyotokea

Ndani ya goti zimo ligamenti mbili zinazopishana kama vijiti vya msalaba. Ya mbele huzuia muundi usitoke mbele ya mfupa wa paja. Ya nyuma huzuia usirudi nyuma. Hii ya pili huanzia upande wa ndani wa pango lililo kati ya vichwa viwili vya mfupa wa paja, ikashuka na kujishikiza nyuma ya muundi, kidogo chini ya usawa wa kiungo. Ni nene na imara, na goti linapokunjwa nyuzi 90 ndiyo inayobeba karibu mzigo wote wa kuuzuia muundi usirudi nyuma. Kwa hiyo mkao wa dereva wa pikipiki ndio mkao ambao ligamenti hii haina msaidizi wa maana.

Njia ya pili ya kuiumiza ni kuanguka kwa goti. Hapa mkao wa unyayo huamua mengi. Mtu akianguka huku vidole vya mguu vimenyooshwa kuelekea nyuma, sehemu ya juu ya muundi ndiyo inayotangulia kufika ardhini, na nguvu yote huusukuma nyuma. Akianguka huku unyayo umekunjwa kuelekea juu, kilegesambwa, yaani pia ya goti, ndicho kinachopokea pigo, na ligamenti hunusurika. Mchezaji wa mpira aliyeanguka kwenye kiwanja kikavu, au mkulima aliyeteleza kwenye mteremko wenye tope akiwa na mzigo, anaweza kupata jeraha lile lile la dereva wa bodaboda bila kugongana na chochote isipokuwa ardhi.

Jeraha hili lina tabia ya kujificha. Aliyekatika ligamenti ya mbele mara nyingi husikia mlio ndani ya goti, na goti huvimba sana ndani ya saa chache. Aliyeumia ya nyuma mara nyingi hasikii kitu. Uvimbe huwa mdogo, na wapo wanaoinuka na kutembea hadi nyumbani. Malalamiko huja baadaye: maumivu nyuma ya goti, shida ya kuteremka kilima, shida ya kupiga magoti kanisani, na hisia ya kutoliamini goti linapokunjwa sana. Asiyeuliza ajali ilivyotokea huandika kwamba goti limeteguka, akatoa dawa ya maumivu, na habari ikaishia hapo.

Mtego wa droo

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda mwenye miaka 24, aliyegonga nyuma ya gari la mizigo katika asubuhi ya ukungu. Ana mchubuko juu ya muundi, sentimita chache chini ya kilegesambwa. Alama hiyo peke yake inapaswa kumfanya mpimaji aifikirie ligamenti ya nyuma, kwa sababu inaonyesha mahali pigo lilipotua na upande lilikoelekea.

Jambo la kwanza si ligamenti, ni damu. Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa wa ateri unaolisha mguu wote wa chini. Goti lililoteguka kabisa linaweza kurudi mahali pake lenyewe kabla mgonjwa hajafika kituoni, likaonekana la kawaida huku mshipa umejeruhiwa. Kwa hiyo mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani hupimwa miguu yote miwili, na hupimwa tena baada ya saa kadhaa. Hupimwa pia hisia za unyayo na uwezo wa kuinua kidole gumba. Mapigo yakiwa dhaifu upande mmoja, mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja, wala hasubiri asubuhi. Katika mfano huu mapigo ni sawa pande zote, na picha ya eksirei haionyeshi mfupa uliovunjika.

Sasa mpimaji anamlaza chali, anakunja goti lililoumia nyuzi 90, anakaa juu ya vidole vya mguu ili usiteleze, anashika sehemu ya juu ya muundi kwa mikono miwili na kuuvuta mbele. Muundi unakuja mbele kwa wingi. Anaandika kwamba ligamenti ya mbele imekatika na mgonjwa apelekwe kwa bingwa kwa ajili ya upasuaji. Amekosea, na kosa lake linaeleweka. Muundi wa kijana huyu ulikuwa tayari umezama nyuma kwa uzito wake mwenyewe kabla haujaguswa. Alipouvuta, aliurudisha tu mahali pake pa asili, akadhani ameuvuta kupita kiasi. Ni sawa na mtu anayekuta droo ya meza imesukumwa ndani kupita kawaida, akaivuta hadi usawa wa meza, kisha akasema droo inatoka nje mno.

Kinga ya mtego huu ni kutazama kabla ya kuvuta. Mgonjwa akilala chali, magoti yote mawili yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa sambamba kitandani, mpimaji huinama na kuyatazama kwa upande, jicho likiwa usawa wa magoti. Kisha miguu huinuliwa, mapaja yakasimama wima na visigino vikashikwa na msaidizi, ili uzito wa mguu uuvute muundi chini. Goti lenye ligamenti iliyokatika huonyesha bonde dogo chini ya kilegesambwa ambalo goti jingine halina. Hakuna kifaa kinachohitajika ila mwanga wa dirisha na goti zima la kulinganisha nalo.

Baada ya kutazama, vidole huthibitisha. Katika goti zima lililokunjwa nyuzi 90, kidole gumba kikipitishwa kutoka kwenye kichwa cha ndani cha mfupa wa paja kushuka hadi kwenye muundi, hukutana na ngazi: ukingo wa muundi hutokeza mbele kwa takriban sentimita 1. Ngazi hiyo ndiyo rula ya mpimaji. Katika kipimo cha droo ya nyuma, mpimaji huhakikisha kwanza kwamba muundi uko mahali pake, kisha anausukuma nyuma polepole huku vidole gumba vikiwa juu ya ngazi. Ikiwa muundi unarudi nyuma kwa chini ya milimita 5 zaidi ya goti jingine na ngazi bado ipo, ni daraja la kwanza. Ikiwa unarudi kati ya milimita 5 na 10, hata ukawa usawa mmoja na mfupa wa paja, ngazi ikatoweka, ni daraja la pili. Ikiwa unapita milimita 10 na kuzama nyuma ya mfupa wa paja, ni daraja la tatu.

Kijana wa mfano huu alipopimwa siku ya kwanza, misuli yake ya nyuma ya paja ilikuwa imekakamaa kwa maumivu, na kipimo hakikusema mengi. Alipopimwa tena siku ya kumi, akiwa ametulia, ngazi ilitoweka lakini muundi haukuzama zaidi ya hapo: daraja la pili. Kisha, goti likiwa bado limekunjwa nyuzi 90, aliombwa ajaribu kuusukuma unyayo mbele kitandani huku mpimaji akiuzuia. Misuli ya mbele ya paja ilipokaza, muundi ulionekana ukisogea mbele wenyewe na ngazi ikarejea. Ishara hii humaliza ubishi, kwa sababu inaonyesha kwamba muundi ulikuwa umezama nyuma. Pia inadokeza tiba yake, kama itakavyoonekana.

Kwa nini kisu kisubiri

Sababu ya kwanza iko katika ligamenti yenyewe. Ligamenti mtambuka ya nyuma imefunikwa na utando na hupata damu ya kutosha kutoka kwenye ateri iliyo nyuma ya goti. Ikilindwa katika wiki za mwanzo, mara nyingi huungana tena. Huungana ikiwa imerefuka kidogo, na ndiyo maana droo hubaki ikicheza hata baada ya kupona, lakini huungana. Ligamenti ya mbele kwa kawaida haina bahati hiyo, na mazoea ya kuitibu kwa upasuaji hayapaswi kuhamishiwa kwa jirani yake bila kufikiri.

Sababu ya pili ni misuli. Misuli minne ya mbele ya paja huvuta kilegesambwa, nacho huvuta muundi kuelekea mbele, yaani upande ule ule ambao ligamenti iliyolegea imeshindwa kuushikilia. Mtu mwenye paja lenye nguvu hubeba ndani ya mguu wake mbadala wa ligamenti unaofanya kazi kila anapokanyaga. Mgonjwa anapoona ngazi ikirejea kwa kukaza paja lake, anaona kwa macho yake sababu ya mazoezi atakayopewa.

Sababu ya tatu ni ushahidi wa wagonjwa waliofuatiliwa. Mwaka 1999 Donald Shelbourne na wenzake wa Indianapolis, Marekani, walichapisha matokeo ya wanamichezo 133 waliopata jeraha hili peke yake na kutibiwa bila upasuaji. Nusu yao walirudi katika mchezo ule ule kwa kiwango kile kile au cha juu zaidi, theluthi moja walirudi kwa kiwango cha chini, na sehemu moja ya sita hawakurudi katika mchezo huo. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba kiasi cha kulegea kwa goti hakikutabiri nani angefanya vizuri na nani vibaya. Milimita za droo na maisha ya mgonjwa ni vitu viwili tofauti.

Sababu ya nne ni upasuaji wenyewe. Kuijenga upya ligamenti hii ni kazi ngumu: tundu linalotobolewa katika muundi hutokea nyuma, karibu kabisa na ateri ile ile iliyotajwa, na kano ya kupandikizwa hutolewa sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa au kwa mtu mwingine. Hata kazi ikifanywa vizuri, goti mara nyingi hubaki na ulegevu kiasi. Kwa daraja la kwanza na la pili, mgonjwa anaweza kubeba hatari zote za chumba cha upasuaji na kutoka na goti lisilotofautiana sana na ambalo angelipata kwa banzi na mazoezi. Kwa mkazi wa Mahongole kuna hesabu nyingine. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 600, na safari ya matibabu haina nauli ya mgonjwa peke yake: kuna ya msindikizaji, malazi, na msimu wa kilimo unaopita. Familia inayouza shamba kwa ajili ya upasuaji usiohitajika imejeruhiwa mara mbili.

Wapo wanaojibu kwamba goti lililoachwa likilegea litachakaa. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Muundi ukiishi nyuma kidogo ya mahali pake, shinikizo huongezeka katika upande wa ndani wa goti na nyuma ya kilegesambwa, na baadhi ya wagonjwa hupata ugonjwa wa gegedu miaka mingi baadaye. Lakini haijathibitishwa kwamba kuijenga upya ligamenti huwakinga wagonjwa hao. Kinachopaswa kufuata hoja hiyo ni ufuatiliaji na paja lenye nguvu, si kisu kwa kila mtu.

Tiba isiyo ya kisu ina masharti

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: kumwambia mgonjwa kwamba hahitaji upasuaji, kisha kumwacha aende. Wiki za mwanzo ndizo ambazo ligamenti inaamua itaungana ikiwa na urefu gani. Goti hufungwa likiwa limenyooka kwa wiki 2 hadi 4, kwa kifaa maalumu au kwa banzi, na nyuma ya shavu la mguu huwekwa kitambaa kilichokunjwa ili kuusukuma muundi mbele. Mgonjwa hutembea kwa magongo na kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Anapolala chali, mto huwekwa chini ya shavu la mguu. Ukiwekwa chini ya kisigino peke yake, uzito wa mguu huuzamisha muundi nyuma usiku kucha na kuharibu kazi ya mchana.

Mazoezi huanza siku za kwanza kwa kukaza paja na kuinua mguu ukiwa umenyooka. Kukunja goti hujifunzwa mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, kwa msaada wa mtu mwingine na bila kupita nyuzi 90 katika wiki 6 za mwanzo. Sababu yake ni rahisi: anayekunja goti akiwa chali huacha uzito wa mguu uvute muundi nyuma, akiwa kifudifudi, uzito huo huo huupeleka mbele. Mazoezi ya kuikaza misuli ya nyuma ya paja huahirishwa kwa takriban miezi 3, kwa kuwa misuli hiyo huvuta muundi kuelekea nyuma. Katika kipindi hicho kuchuchumaa kabisa hakufai, na katika nyumba yenye choo cha shimo hilo si jambo dogo: kiti chenye tundu katikati, ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza, ni sehemu ya tiba. Dereva hurudi kwenye pikipiki paja lake linapokaribia nguvu za paja jingine, kwa wengi baada ya miezi 3 au 4.

Mwisho, tiba hii ina mipaka, na mhudumu wa Mahongole anapaswa kuijua kama anavyoijua tiba yenyewe. Daraja la tatu hulazimisha swali la pili, kwa sababu muundi ukizama kupita milimita 10, mara nyingi kona ya nyuma na nje ya goti imeumia pia. Mgonjwa akilazwa kifudifudi na nyayo zote mbili zikageuzwa nje, mguu mmoja ukigeuka zaidi ya mwingine kwa nyuzi 10 au zaidi, kona hiyo inatiliwa shaka, na mgonjwa amwone bingwa mapema, ikiwezekana ndani ya wiki 2. Vivyo hivyo eksirei ikionyesha kipande cha mfupa kilichong'oka na ligamenti nyuma ya muundi na kuhama mahali pake. Kipande hicho hurudishwa na kufungwa kwa skrubu, na mapema ni bora. Wengine wa kupelekwa mbele ni wenye ligamenti zaidi ya moja zilizoumia, na wale ambao baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kweli bado goti linawaponyoka.

Kijana wa mfano hayumo katika makundi hayo. Mwezi wa nne anateremka kilima bila kushika kitu, na droo yake, ikipimwa, bado inarudi nyuma milimita zile zile. Anapaswa kuambiwa hivyo mapema na waziwazi, ili mpimaji mwingine atakayeigundua droo hiyo miaka 5 baadaye asimtishe kwa habari ya ligamenti iliyokatika. Karatasi yake ya ruhusa iandikwe jina la ligamenti, daraja lake, na neno moja kuhusu ngazi iliyopapaswa upande wa pili. Mstari huo mmoja unaweza kumwokolea shamba lake.